Jinsi ya kumwandikia tena mtu mliyeonana mara moja kisha mkapotezana

Mlionana mara moja, mkaelewana, mkapeana namba, mkaandikiana siku mbili tatu, halafu kimya. Wiki ya kwanza ulisema utamwandikia Jumapili. Wiki ya tatu ukaanza kuona aibu. Kufikia wiki ya tano aibu imeshakuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, na kila ukishika simu unaona huwezi kuandika bila kujieleza kwanza, na kila ukijieleza unaona umejieleza mno.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo tu: mtu uliyeonana naye mara moja, mkaachana vizuri, hamkugombana, hamdaiani, mkakaa kimya wiki kadhaa. Mliyeachana naye baada ya miaka miwili anataka maneno mengine kabisa.

Nitamtumia jamaa yangu mmoja kama mfano, dereva wa watalii anayekaa Sakina, Arusha. Mwezi wa saba alialikwa sendofu Moshi, akapangwa meza moja na dada anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Waliongea parachichi mpaka keki ikakatwa. Kesho yake, kabla jamaa hajapanda kosta ya kurudi, yule dada alimpeleka kunywa mtori karibu na stendi, akamkabidhi mche mmoja wa parachichi aina ya Hass, ukiwa kwenye kiriba chake, uliobebeshwa tayari. Jioni jamaa akaandika kwamba amefika salama na anashukuru. Dada akajibu: "Karibu tena. Huo mche utaupanda lini, au utafia kwenye kiriba?" Jamaa akasoma, akacheka, akasema atajibu asubuhi. Asubuhi akaondoka na wageni kwenda Serengeti. Akirudi anakuta wageni wengine wanamsubiri. Wiki tano zikapita.

Hatua ya kwanza: soma mstari wa mwisho

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua mazungumzo yenu uone nani aliongea wa mwisho na alisema nini. Hapo ndipo penye tofauti yote, na wengi hawapaangalii. Wanaanza na "Mambo" kana kwamba ukurasa ni mweupe, wakati mwenzao akifungua anaona hiyo "Mambo" imekaa chini kabisa ya swali lake lililolala wiki tano bila jibu.

Ikiwa wa mwisho ni yeye, na aliuliza kitu, una deni la jibu. Ujumbe wako lazima ulipe hilo deni, hata kwa nusu sentensi. Hii ndiyo hali ya jamaa yangu na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayowafunga watu midomo. Ukweli ni kwamba ni hali nyepesi kuliko zote. Mwenzako alionyesha nia, na swali lake bado liko pale linakusubiri. Hujalazimika kutafuta cha kusema.

Ikiwa wa mwisho ni wewe, na hukujibiwa, usirudie swali lile na usimkumbushe kwamba hakujibu. Andika jambo jipya, mara moja. Asipojibu na hilo, umeshapata jibu lako.

Ikiwa mazungumzo yalijifia yenyewe kwenye "haya poa" na "sawa, usiku mwema", hakuna mwenye deni, kwa hiyo hakuna wa kuomba radhi. Ukiomba radhi hapo unamfanya mwenzako aanze kujiuliza kama na yeye alikosea.

Hatua ya pili: pitia stetasi zake, na zako pia

Zake unaziangalia kwa sababu moja kubwa: msiba. Ukikuta ameweka picha ya marehemu na maneno ya kuaga, mpango wako wote unasimama. Unaandika "Pole sana kwa msiba, Mungu awape faraja", unajitambulisha kwa maneno matatu kama unahisi amekusahau, basi. Hakuna swali, hakuna "tutaonana lini". Ukiongeza hata mzaha mdogo hapo utakumbukwa kwa huo mzaha. Mengine yasubiri mpaka watu wamalize matanga na yeye amerudi kazini.

Zako unaziangalia kwa sababu nyingine. Wiki zile tano jamaa yangu alikuwa akiweka picha karibu kila akipata mtandao: tembo, machweo, wageni wamekaa juu ya gari wanatoa dole. Na kwenye orodha ya waliotazama, yule dada alikuwamo. Sasa mtu wa namna hiyo hawezi kuandika kwamba porini hakukuwa na mtandao, wala kwamba simu ilipotea. Uongo wa simu iliyopotea umetumika mpaka umechakaa, na siku hizi kuugundua ni rahisi, maana stetasi ni shahidi. Hata kama kweli simu ilipotea, ukisema utaonekana muongo. Ni bora usitoe sababu kabisa kuliko kutoa inayopingwa na picha zako mwenyewe.

Na usijidanganye kwa orodha hiyo ya watazamaji. Mtu kutazama stetasi yako kila siku inaonyesha tu kwamba hajafuta namba yako. Wengine wanatazama huku wanasubiri daladala Kijenge, kidole kinapita tu.

Hatua ya tatu: tafuta kitu kimoja kilichobaki kutoka siku ile

Ujumbe wa namna hii unabebwa na kitu, na kitu chenyewe kiwe kidogo na cha kweli: jambo mlilocheka pamoja, mahali alipokutajia, chakula alichokusifia, njia ya mkato aliyokuelekeza. Kiwe kimoja. Ukitaja vitatu unaonekana kama mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao.

Kinachofaa zaidi ni kile ambacho kimeendelea kuishi baada ya ninyi kuachana. Kama alikuambia pa kununua mitumba mizuri pale Memorial ukaenda, una habari ya kumpa. Kama alikusifia soko la Tengeru ukalipita ukamkumbuka, hiyo nayo ni habari. Jamaa yangu alikuwa na mche. Aliupanda nyuma ya nyumba siku moja aliyokuwa mapumziko, na akiwa safarini mama mwenye nyumba akawa anaumwagilia. Mche ulikuwa hai, ila kuna vijani vipya vilikuwa vinachomoza chini, karibu na udongo, chini ya lile kovu la kubebeshea.

Mtu wa kitalu akisikia hivyo anajua papo hapo kinachoendelea. Mche wa kubebeshwa ni mimea miwili: chini kuna shina la mwenyeji lenye mizizi yake, juu kuna kikonyo cha aina uliyoitaka. Mche ukichipua chini ya kiungio, yule wa chini anataka kukua mwenyewe, na ukimwachia atamnyima chakula wa juu. Jamaa hakujua. Alikuwa na swali la kweli, ambalo mtu aliyempa mche ndiye wa kuulizwa, na linajibika kwa neno moja mtu akiwa amesimama.

Sifa hizo tatu ndizo unazozitafuta kwenye swali lako. Liwe la kweli, liwe la kwake, na lijibike kwa mstari mmoja. "Za siku nyingi, niambie maisha yanakwendaje" halina hata moja. Linamtaka mtu akae chini asimulie wiki tano za maisha yake kwa mtu aliyemwona mara moja. Ataliacha mpaka apate nafasi, na nafasi haitapatikana.

Kama huna swali la kweli, usilitunge. Tuma habari peke yake: "Leo nimepita ule mgahawa ulionielekeza, kweli machalari yao si mchezo." Haiulizi kitu, na bado inajibika. Swali la kutunga hunuka, hasa kwa mtu anayeijua kazi yake. Atakujibu kwa heshima na kukuweka pembeni.

Hatua ya nne: andika, na kipimo kiwe meseji moja

Hata kama utatuma kwa WhatsApp, ambako hakuna kikomo cha kukubana, jipime kwa meseji ya kawaida ya simu. Meseji moja inabeba herufi 160, ukihesabu nafasi na alama. Hicho ndicho kipimo sahihi cha ujumbe huu: salamu, wewe ni nani, nusu sentensi ya kimya kama kuna deni, kile kitu, na swali. Ukizidi hapo, karibu kila mara kilichozidi ni kujieleza. Na kama unatuma meseji ya kawaida kweli, kumbuka ukiweka emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na ujumbe wako unakatwa vipande. Kwa simu nyingine vipande hivyo hufika vimepishana, na emoji yenyewe hufika kama kiboksi.

Nikuonyeshe jamaa yangu alivyopita. Ujumbe wake wa kwanza, kabla hajautuma, ulikuwa huu:

"Mambo"

Huo ndio ugonjwa wetu mkubwa. Kwetu salamu haikwepeki, na ni kweli mtu akiingia na shida yake bila salamu anaonekana hana adabu. Lakini salamu iliyotumwa peke yake baada ya wiki tano inamwachia mwenzako kazi yote. Lazima ajibu "poa", asubiri, ajiulize unataka nini. Na hapa kwetu mtu aliyepotea akirudi na "Mambo" tupu, wengi wanachowaza kwanza ni kwamba anakuja kukopa. Salamu iwepo, ila iingie na mzigo wake kwenye ujumbe uleule.

Wa pili:

"Umepotea sana jamani, hata salamu?"

Ana kwa ana stendi, huku mnacheka, hayo ni maneno ya upendo. Kwenye maandishi hayana tabasamu, na kwa huyu aliyekaa kimya yeye mwenyewe ni kumbambikia mwenzake kosa. Hata kama kweli aliyepotea ni yule mwingine, jibu lake unalijua tayari: "Nipo, ni majukumu tu." Mazungumzo yanaishia hapo, maana ulimwita ajitetee, naye amejitetea.

Wa tatu ulikuwa mrefu, simu nzima. Ulieleza msimu wa watalii ulivyo, kwamba kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi dereva hana Jumapili, kwamba siku ile aliyosoma ujumbe ilikuwa usiku, kwamba alimfikiria mara nyingi, kwamba asimchukulie vibaya. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini mtu aliyeuliza kuhusu mche hakustahili kubebeshwa ushahidi wa kesi. Ujumbe mrefu wa kujieleza unakifanya kimya kionekane kikubwa kuliko kilivyokuwa, na anayeupokea anahisi anatakiwa ajibu kwa urefu uleule. Halafu hilo la "nilikufikiria mara nyingi" halikai vizuri. Kama ulinifikiria mara nyingi, mbona hukuandika?

Uliotumwa ni huu:

"Habari za siku? Ni yule dereva wa Sakina. Sikukujibu, samahani. Mche wako uko hai ila umechipua chini ya pale ulipobebeshwa. Nikate au niache?"

Herufi 142. Zilizobaki zinatosha kuweka jina lake baada ya salamu, na aliliweka. Angalia kila kipande kinavyofanya kazi.

"Habari za siku" inabeba salamu na inakiri kwamba siku zimepita, bila kumlaumu yeyote. Kama mwenzako ni mkubwa kwako kiasi cha kuamkiwa, hapo panakaa "Shikamoo", na maneno mengine yote yanapanda heshima kidogo.

"Ni yule dereva wa Sakina" wengine wataona haina haja, si ana namba yangu? Huenda anayo, huenda hakuihifadhi, huenda amebadilisha simu na majina hayakuhama. Namba ngeni zimeharibiwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo mtu akiona namba asiyoijua inamwita kwa jina, anaogopa kabla hajafurahi. Jitambulishe kwa jambo analokujulia yeye: kazi, mtaa, meza mliyokaa. Jina lako peke yake halitoshi kama mlionana mara moja. Kwenye sendofu moja kunaweza kukawa na akina John wanne.

"Sikukujibu, samahani" ndiyo malipo ya deni. Maneno mawili. Hayatoi sababu kwa sababu sababu haijaulizwa. Akitaka kujua atauliza, na hapo utamweleza kwa sentensi moja ya kweli: msimu ulinibana nikaacha kujibu. Kimya cha wiki mbili, hata tatu, hakihitaji hata haya maneno mawili. Kikivuka mwezi na kulikuwa na swali lililoachwa, yanahitajika. Kikivuka miezi minne mitano, yaweke na uongeze alama ya kukutambulisha, kwa mfano mwezi mlioonana.

Kisha mche. Tazama kwamba hiyo sentensi inajibu swali lake la wiki tano zilizopita. Aliuliza kama utafia kwenye kiriba. Ameambiwa uko hai na umechipua, maana yake ulipandwa.

Na mwisho, "Nikate au niache?" Neno moja linatosha kujibu.

Utaona hakuna ombi la kuonana. Nalisisitiza hili ingawa najua wengine hawatakubaliana nami. Mtu aliyekaa kimya wiki tano akirudi na "tuonane Jumamosi", anamweka mwenzake mahali pa kukubali au kukataa kabla hata hawajarudi kuongea. Wengi, hasa akina dada, wakiwekwa hapo wanakaa kimya, kwa sababu kukataa ni kukosa adabu na kukubali ni mapema. Ombi lisubiri ujumbe wa pili au wa tatu. Kitu pekee kinachonibadilisha mawazo ni safari ya kweli. Kama kesho uko Moshi kwa kazi na hutarudi mpaka Krismasi, sema, lakini kama taarifa: "Kesho niko Moshi kwa kazi mpaka jioni." Mwachie yeye afikirie.

Usitume sauti. Ujumbe wa sauti unamlazimisha atafute mahali pa faragha, na hajui utasema nini. Usimbipu. Usitume picha yako. Na zile picha za maua na "siku njema" zinazozunguka kwenye makundi hazifungui mazungumzo na mtu yeyote. Picha ya ule mche, hiyo ni sawa, na jamaa alijiandaa nayo, ila aliiweka akiba kwa ajili ya jibu.

Hatua ya tano: saa ya kutuma

Siku za kazi, jioni kati ya saa kumi na moja na saa mbili na nusu usiku ni salama. Jumapili mchana watu wametoka kanisani na wamekula, wako na simu. Kama ni Mwislamu na ni Ramadhani, pisha muda wa kufuturu. Ikishavuka saa nne usiku, acha mpaka kesho. Maneno yaleyale ya mche yakifika saa tano na nusu usiku yanasomeka kwa maana nyingine, na huna namna ya kuifuta.

Ukishatuma, weka simu chini. Kwenye WhatsApp tiki moja ina maana haujafika kwenye simu yake. Bando limeisha, simu imezima, au yuko mahali pasipo na mtandao. Kama mwenzako ni mpagazi au mwongoza wageni Kilimanjaro, anaweza kuwa mlimani wiki nzima, na tiki moja ya siku sita haina maana yoyote mbaya. Tiki mbili za kijivu, umefika. Za bluu, umefunguliwa. Lakini mtu anaweza kuzima hizo za bluu, kwa hiyo kukaa kijivu siku tatu si ushahidi kwamba hajasoma. Ukikuta tiki moja imegoma wiki mbili na tatu huku unajua mtu yuko mjini, huenda umefungiwa. Usiende kuthibitisha kwa kupiga na namba nyingine.

Na usifute ujumbe. Ukifuta, yeye anaona maandishi kwamba kuna ujumbe umefutwa, na atakachokiwazia hapo ni kibaya kuliko ulichoandika.

Hatua ya sita: akijibu

Yule dada alijibu baada ya saa tatu hivi: "Kata! Usiache hata kimoja, vitanyonya nguvu ya juu. Mimi nilijua ulishautupa dirishani pale Boma Ng'ombe."

Hapo wengi wanakosea kwa furaha. Anajibiwa mstari mmoja, anarudisha kumi, na la nne ni "kwa hiyo tunaonana lini?" Jibu hilo lina mambo mawili: agizo na utani. Jibu yote mawili kwa kiasi kilekile. Jamaa alikwenda akakata, akapiga picha ya shina lililosafishwa, akatuma na maneno: "Nimekata. Dirishani ningetupa kondakta kwanza." Wakacheka, wakaongea kidogo, jamaa ndiye akawa wa kwanza kuaga. Siku mbili baadaye ndipo akaandika:

"Jumamosi nashusha wageni Moshi, nitakuwa huru kuanzia saa nane. Mtori safari hii ni juu yangu, palepale karibu na stendi. Kama una kazi si neno, nitapita siku nyingine."

Ombi hili lina siku, saa, mahali panapojulikana penye watu, ni mchana, na yeye ndiye anayesafiri. Toka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, si mbali, lakini usimpandishe mtu kosta kwa ajili ya mkutano wa pili ambao wewe ndiye uliyeuchelewesha. Na lina mlango wa kutokea uliofunguliwa kabla hajauomba. Mlango huo uwe wa kweli. Akiutumia, usinune.

Majibu mengine yanasomwa hivi.

"Nani mwenzangu?" si tusi. Namba haikuhifadhiwa, au alifuta mambo mengi. Usiseme "kumbe umeshanisahau". Jibu kwa tukio: "Tulikaa meza moja kwenye sendofu mwezi wa saba, ukanipa mche wa parachichi." Kama baada ya hapo anasema "aah, sawa" na kunyamaza, hakumbuki vya kutosha au hataki, na vyote viwili unaviheshimu kwa namna moja.

"Nzuri, za kwako?" huku swali lako limerukwa, huyo anajibu adabu tu. Mpe nafasi moja zaidi: "Nzuri pia. Basi ule mche nimeukata kwa kubahatisha, nitakuambia ukizaa." Akiendelea, vizuri. Akinyamaza, acha.

"Tutapangana" au "nitakujulisha", bila siku yoyote ndani yake, kwa mara ya kwanza ni shughuli. Jibu "Sawa, hakuna shida" na uache yeye ndiye alete siku. Usiulize "kwa hiyo lini?" Kwa mara ya pili ni hapana iliyovikwa nguo nzuri, na aliyeivika amekuheshimu.

Akisema ana mtu wake, au ameshavishwa pete, usianze kueleza kwamba hukuwa na nia hiyo. Huwezi kushinda maelezo hayo. "Hongera sana, na asante kwa mche" inatosha, na kama kweli ulikuwa na swali la parachichi, bado una mtu wa kumuuliza.

Na kama akijibu mtu mwingine kwa simu yake, mume au kaka, "Wewe ni nani na unataka nini?", mwambie vilevile ulivyo, kwa lugha ileile: uliwahi kupewa mche wa parachichi, ulitaka kuuliza kuhusu machipukizi. Ujumbe wa kwanza ukiwa umeandikwa kama tulivyoona hapa, kila kitu kilichomo kinaweza kusomwa na yeyote aliye ndani ya nyumba ile bila mtu kupata shida. Ule mrefu wa "nilikufikiria mara nyingi" ungemtia matatani mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukugawia mche.